Tukate Maelezo, Tusikate Kimya: Somo la Posti Yangu Iliyododa



Leo siongelei kura wala bei ya kahawa. Naongelea posti yangu moja iliyododa. Baadhi yenu mliiona kwenye grupu la WhatsApp la kata yetu, na wachache mlinionea huruma mkaniwekea dole gumba. Naiandikia kwa sababu nimeona tunarudia kosa lilelile kila tukitaka kuchekesha: posti ikidoda, tunakimbilia kuifupisha, na tukishaifupisha inakufa kabisa. Mimi niliiua mara mbili kabla haijafufuka. Hebu niwaoneshe ilivyokuwa.

Posti ilikuwa na kazi. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa unakaribia, na mnajua mikutano yetu ilivyo: wazee kumi, mbuzi wawili, na vijana wako Omurushaka au Nkwenda kwenye bodaboda. Ajenda kubwa ilikuwa barabara ya kijijini kwetu, ile inayogeuka uji kila mvua ikinyesha. Nilitaka watu wacheke, kisha waje. Nikaandika hivi:

"Wadau, cheki hii, mtavunjika mbavu! Hawa viongozi wetu ni vichekesho. Mheshimiwa alikuja akasema barabara yetu iko kwenye upembuzi yakinifu, na ikumbukwe kwamba huo upembuzi ulianza takribani miaka 15 iliyopita. Sasa nikamwambia bibi yangu, na yeye kwa kuwa hajasoma akadhani ni kupembua kama anavyopembua maharage, akauliza kama wana ungo, hahaha! Yaani bibi hajui kwamba upembuzi yakinifu ni utafiti wa kitaalamu kabla ya ujenzi. Lakini ukweli ni kwamba wanatudharau. Wamechoka, watupishe!"

Nikamalizia na emoji tatu za kucheka mpaka machozi. Nikaweka simu mezani, nikasubiri.

Kimya. Baada ya nusu saa mzee mmoja wa kijijini akajibu kwa mstari mmoja: "Kijana, bibi yako amekukosea nini?" Baada ya hapo hata waliokuwa wanataka kucheka wakaogopa. Nikataka kuihariri, lakini WhatsApp inakupa dakika 15 tu za kuhariri ujumbe, na zilikuwa zimeshapita. Ikabaki pale, uchi, inanitazama.

Usiku ule kamanda mwenzangu, anayesimamia mitandao ya vijana wa kata, akaniambia tatizo ni urefu. "Watu hawasomi, kaka. Kata." Nikakata. Kutoka maneno 69 nikabaki na 13:

"Miaka 15 ya upembuzi yakinifu wa barabara. Bibi yangu anauliza: wana ungo kweli?"

Nikaipeleka kwenye grupu jingine ambalo hawakuiona ya kwanza. Huko hakuna aliyekasirika, na hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akauliza, "Ungo wa nini?" Hapo ndipo nilipojua kwamba urefu haukuwa ugonjwa. Nilikuwa nimetibu homa kwa kukata mguu.

Sasa tukae chini tuichambue, maana ndani ya ile posti mbaya kicheko kilikuwemo. Bibi alisema kitu cha kuchekesha kweli. Kazi yangu ilikuwa kukifikisha kikiwa kizima, na mimi nikakivunjia njiani.

Kwanza, tafuta kicheko kiko wapi. Hapa kiko kwenye neno moja tu: ungo. Wahandisi wana upembuzi wao, bibi ana upembuzi wake, na ungo ndio mahali hizo mbili zinapogongana. Kwenye posti ya kwanza neno ungo ni la 48. Baada yake nimeweka maneno 21 mengine. Maana yake msomaji akitaka kucheka, mimi bado naongea. Nampigia "hahaha" sikioni, namfafanulia upembuzi yakinifu ni nini, kisha namkasirikia mtu mwingine mbele yake. Ni sawa na kumpa mtu senene wa kukaanga, kabla hajatafuna unamshika taya unamweleza walivyokamatwa.

Na kabla ya ungo je? Nilianza kwa "mtavunjika mbavu". Ukimwahidi mtu kuvunjika mbavu, anakaa amezikaza. Marehemu King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa analalamika na kuhangaika kwa dhati kabisa, kama mtu mwenye shida ya kweli. Wa kucheka tulikuwa sisi. Zile emoji tatu zangu ni mimi kucheka kwa niaba ya watu, nikamaliza kicheko chote peke yangu.

Kwa hiyo maelezo yalistahili kukatwa. Hapo kamanda wangu alikuwa sahihi. Alipokosea, nami nikakosea naye, ni kudhani kila neno ni mzigo sawa. Kwenye ile ya maneno 13 nilikata maelezo, sawa, lakini nikakata na maharage. Bila maharage, ungo unadondoka kutoka mbinguni, ndiyo maana yule kijana akauliza ungo wa nini. Mzaha unahitaji kitu kiwekwe mapema mbele ya macho ya msomaji, akione, akisahau kidogo, halafu kirudi mwishoni. Ukikitaja mara moja tu, tena mwishoni, hakirudi, maana hakikuwahi kuwepo.

Tena nilikata kimya. Bibi aliponiuliza swali lile hakuuliza papo hapo. Palikuwa na nafasi kidogo kati ya jibu langu na swali lake. Ukiwa uani unaisikia hiyo nafasi. Kwenye maandishi haipo, lazima uijenge kwa kitu: mstari mpya, au kitendo kidogo cha mkono, chochote kinachomfanya msomaji asubiri pumzi moja. Nilipofupisha kwa kuhesabu maneno, hiyo nafasi ndiyo ilikuwa ya kwanza kutupwa, kwa sababu ukiitazama inaonekana haina kazi.

Sasa njoo kwenye toni, ambayo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Yule mzee aliyeniuliza bibi amenikosea nini hakuwa mkali bure. Rudia ile posti. "Kwa kuwa hajasoma." "Akadhani." "Hajui kwamba." Mara tatu nimemshusha bibi, na mheshimiwa nimemgusa kwa mbali tu, kwa maneno ya jumla. Kinywani nilidai namcheka mwenye barabara, lakini sentensi zangu zilikuwa zinamcheka bibi. Na huku Kagera jambo hilo ni kidonda. Nchi nzima inatutania kwa "nshomile", kwamba tunajidai tumesoma. Halafu kijana aliyemaliza kidato cha sita anaandika hadharani kwamba bibi yake hajasoma! Nimewapa watu nshomile kamili, mbichi, haina hata chumvi.

Mtu atasema, lakini babu na bibi si watani wa wajukuu wao? Ni kweli, kwa makabila mengi ya nchi hii ni hivyo. Mimi nikiwa uani namwambia bibi maneno ambayo nikimwambia mama yangu nitakula bakora. Lakini utani una mipaka yake: unajulikana ni wa nani na nani. Leseni ile ni yangu na bibi. Watu 200 wa kwenye grupu hawana. Nilipouhamisha utani kutoka uani kwenda kwenye grupu, niliwaalika watu 200 wamcheke mwanamke ambaye wao ni wajibu wao kumwamkia shikamoo. Wakakataa, na walikuwa na adabu kuliko mimi.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi, maana habari zilikuwa zimeshamfikia. Nikamkuta na ungo wake vilevile. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniacha nimesimama. Nikajieleza, kwamba nilitaka watu wacheke ule utani wake wa ungo. Akanitazama.

"Utani gani? Mimi nilikuuliza. Ukaondoka bila kunijibu."

Vijana wenzangu, pale ndipo nilipoelewa mzaha wangu mwenyewe. Bibi hakuwa amekosea maana ya neno, na hakuwa anachekesha. Kwake kazi ya kupembua ina chombo chake, na mtu akisema anapembua miaka yote hiyo, swali la kwanza ni kama chombo anacho. Ukilitafsiri kwa lugha ya vikao vyetu, bibi aliuliza kama fedha ya hiyo kazi ipo. Ndilo swali ambalo sisi wenye vyeti hatukuuliza. Kwa hiyo toni ya kweli ya mzaha huu ni utulivu. Anayeuliza ni mtaalamu, na anauliza kwa nia njema. Ukimfanya bibi mjinga, umeua. Ukimfanya mkejeli, umeua pia: lile neno "kweli" nililoliongeza kwenye posti ya pili, "wana ungo kweli?", lilikuwa ni mimi naongea kwa mdomo wa bibi. Bibi hana kejeli ile. Ni ya jukwaani.

Nikaanza upya. Safari hii sikuhesabu maneno. Nilijiuliza ni vitu gani msomaji lazima avione, na kwa mpangilio upi. Nikaona ni vinne: bibi yuko kazini na ungo, maneno ya wakubwa, muda uliopita, swali. Kila kitu kikapewa mstari wake.

Muda ulinisumbua. "Takribani miaka 15 iliyopita" ni lugha ya ripoti, inamfanya mtu apige hesabu badala ya kuona. Mimi sasa nina ndevu, na habari ya upembuzi nilianza kuisikia nikiwa darasa la tatu. Ndiyo ikaingia.

Swali nalo nililibadilisha namna ya kulisema. Mwanzo niliandika "akauliza kama wana ungo". Hiyo ni taarifa ya polisi. Mtu anayechekesha lazima asikike kwa sauti yake, kwa hiyo nikafungua alama za nukuu na kumwachia bibi aongee. Tena bibi hakusema "wana ungo". Alisema "Na ungo wanao?" Sikiliza tofauti. Kiswahili chetu kinakuruhusu kutanguliza kitu na kumalizia na kuwa nacho. Hiyo "na" ya mwanzo inaonesha kwamba ameshakubali yote uliyomwambia, amebakiza jambo dogo tu la kuulizia. Na "wanao" ikikaa mwisho, swali linawaangukia wao, si ungo. Maneno matatu, na hakuna hata moja la kuondoa.

Ile nafasi ya kimya nikaijaza kwa mkono wa bibi. Rasimu ya kwanza ilisema "Bibi akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa." Nikaisoma kwa sauti kwa dereva mmoja wa boda pale kijiweni, akatabasamu tu. Nikairudia kimoyomoyo nikaona kosa: nimetaja ungo mstari mmoja kabla ya swali. Msomaji akifika kwenye swali, ungo ameshauona sekunde iliyopita, haumshtui. Nikauondoa pale nikaacha maharage. Nikamsomea dereva mwingine, akacheka, tena akacheka baada ya neno la mwisho, si kabla. Ikawa hivi:

"Jumamosi nimemkuta bibi uani, ungo mapajani, anapembua maharage.

Nikamwambia, 'Bibi, wamesema barabara yetu iko kwenye upembuzi yakinifu.'

'Tangu lini?'

'Tangu nikiwa darasa la tatu.'

Bibi akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

'Na ungo wanao?'"

Maneno 33. Ni zaidi ya mara mbili ya ile "fupi", na inasomeka haraka kuliko zote tatu. Hakuna hahaha, hakuna emoji, hakuna kaulimbiu. "Yakinifu" nimeiacha kwa makusudi, ingawa kamanda alitaka niikate, kwa sababu ukubwa wa neno lile ndio unaoufanya ungo uwe mdogo na wa kweli. Na baada ya "wanao" hakuna kitu. Mkono uliniwasha kuongeza "Tukutane mkutanoni Jumatano". Nikajizuia, nikaituma taarifa ya mkutano kama ujumbe tofauti baada ya saa nzima.

Kuna mwenzetu aliyeniambia posti imepoa, haina makali, nimtaje mheshimiwa kwa jina nimtie na tusi moja. Nina majibu mawili. La kwanza ni la usalama, na sote tunalijua: Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya video yake akiicheka picha ya zamani ya Rais. La pili ndilo kubwa kwangu, na ningelisema hata kama tungekuwa huru kama upepo. Tusi linampa msomaji mtu wa kumtetea. Ukimtukana mheshimiwa, shemeji yake yumo kwenye grupu, na mjadala unageuka kuwa adabu yako. Swali la bibi halina mtu wa kumtetea, kwa sababu halimsemi mtu. Linasema jambo, na jambo linabaki pale linasubiri jibu. Katuni za Masoud Kipanya zinatufundisha hili miaka yote: yule panya ni mdogo kuliko wote kwenye picha, maneno yake ni machache, na mkubwa ndiye anayebaki na aibu.

Nisiwadanganye, mzaha huu nao una mipaka. Mwenzangu mmoja alijaribu kuwasimulia wazee kwa Kinyambo, ukamfia mdomoni. Neno la wahandisi tumelipokea kwa Kiswahili tu, kwa hiyo ukihama lugha yale maneno mawili hayagongani tena, na ikabidi aeleze. Ukishaeleza, umeshapoteza. Vilevile sikuirudisha kwenye grupu la kwanza. Wale walishalijua neno la mwisho, na mbaya zaidi walishamwonea bibi huruma. Posti iliyododa mbele ya watu fulani hairekebishwi mbele ya watu haohao wiki ileile. Niliipeleka kwingine, ikarudi kwao yenyewe baada ya siku kadhaa, ikiwa imetumwa na watu wengine.

Basi ombi langu kwa timu zetu za mitandao, kuanzia Kayanga mpaka Murongo, ni hili. Posti ya kuchekesha ikidoda, msianze na mkasi. Msomee kwa sauti mtu mmoja ambaye hajaiona, umtazame usoni. Akicheka kabla hujamaliza, kila kilichobaki baada ya kicheko chake ni maelezo, ondoa. Akisema "eh?", umekata kitu kilichopaswa kuwekwa mapema, kirudishe. Akicheka halafu akaangalia chini, amemcheka mtu asiyestahili, na hapo hakuna mkasi utakaokusaidia: badilisha nani anaongea na nani anaulizwa.

Na mkutano? Sitatia chumvi, watu hawakujaa. Lakini walikuwepo vijana niliokuwa sijawahi kuwaona mkutanoni. Ajenda ya barabara ilipofika, likasomwa jibu lilelile, kwamba upembuzi yakinifu unaendelea. Mama mmoja kutoka nyuma, wala si mwanachama wetu, akanyoosha mkono akauliza kwa utulivu kabisa:

"Na ungo mnao?"

Watu wakacheka, wakanyamaza, wakasubiri jibu. Mwenyekiti akasema atafuatilia kama fungu limetengwa, na kwamba ataleta jibu kwa maandishi mkutano ujao. Ikaandikwa kwenye muhtasari.

Nikampelekea bibi habari. Akatikisa ungo wake.

"Kwa hiyo bado hawajajibu."

Nawasilisha.